Wasifu wa Mnasihi: Aandike Nini, Anyamazie Nini

Bango hili nimelitunga mwenyewe, ingawa kila neno lake utalikuta ukutani mahali fulani mjini: "Bingwa wa Saikolojia na Ndoa. Uzoefu wa miaka 15. Ndoa zaidi ya 300 zimeokolewa. Sonona, msongo, ulevi, watoto watundu: yote yana tiba. Siri yako iko salama asilimia 100." Chini yake kuna ushuhuda: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Likoni, mama wa watoto 4. Mume wangu alinikimbia akaenda Qatar. Baada ya vikao 3 tu amerudi."

Kazi yangu ni kuwasimamia wanasihi wachanga, au washauri nasaha kama wengi wanavyowaita, nao huniletea wasifu wao niusome kabla haujachapwa. Wengi ni watu waadilifu. Hata hivyo rasimu zao za kwanza hufanana na bango hilo kwa namna ya kushangaza, na nadhani najua sababu. Matangazo ya huduma za namna hii waliyokua wakiyaona ni yale ya kwenye nguzo za umeme, ya mganga anayerudisha mpenzi, kuondoa mikosi na kushinda kesi kabla ya Ijumaa. Wanaogopa kwamba wakiandika kwa staha mteja atawapita aende kwa anayepiga kelele. Basi tulichukue bango hili kipande kwa kipande, tuone mnasihi mkweli angeandika nini mahali pake. Huyo mnasihi tumwite Bi. Fulani wa Mombasa.

Tuanze na "bingwa". Hiyo ni sifa ambayo mtu amejivika mwenyewe na hakuna ofisi utakayokwenda kuuliza kama ni kweli. Kinachoweza kuulizwa ni jina kamili la cheti, chuo kilichokitoa, mwaka, na mamlaka iliyomsajili mwenye cheti. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Mnasihi wa Kenya hana sababu ya kuficha namba yake ya usajili. Akiiandika, msomaji ana pa kuanzia. Mahali pasipo na usajili wa namna hiyo, mnasihi ataje chuo na chama cha kitaaluma alichomo, na aishie hapo.

Jambo ambalo wasifu mwingi huliruka ni mazoezi ya vitendo chini ya msimamizi. Mtu anaweza kusoma nadharia miaka miwili bila kukaa uso kwa uso na mtu anayelia. Kwa hiyo nikisoma wasifu huangalia kama mwandishi ametaja aliwahudumia watu wapi alipokuwa mwanafunzi, nani aliyekagua kazi yake, na kama hata sasa ana msimamizi wa kitaaluma. Usimamizi huo hauishi mtu akihitimu. Mnasihi mzoefu naye humpelekea mwenzake kazi yake mara kwa mara, bila kutaja majina ya wateja, aulizwe pale alipokwama na pale alipoanza kumwonea mteja huruma kupita kiasi.

Semina nazo zina mahali pake. Bi. Fulani alihudhuria mafunzo ya siku 5 kuhusu kiwewe. Aandike hivyo hivyo: "nilihudhuria mafunzo ya siku 5 kuhusu kiwewe." Akiandika "mtaalamu wa kiwewe", aliyenusurika kwenye shambulio au mkasa wa moto atakuja akiamini kuwa mbele yake yupo mtu aliyezama katika fani hiyo kwa miaka, na kuamsha kumbukumbu za namna ile bila ujuzi wa kuzituliza kunaweza kumwacha mtu hali mbaya kuliko alivyokuja. Hali kama hiyo iliwahi kutokea kwa njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati vituo vya kupima Virusi vya Ukimwi kwa hiari vilipoenea na kuhitaji wanasihi kwa haraka. Wengi walifunzwa kwa wiki chache, wakafanya kazi kubwa ya kumwandaa mtu kwa majibu yake. Kazi hiyo ni ya heshima, na aliyeifanya aitaje kwa jina lake. Ila mafunzo ya kumsaidia mtu apokee majibu ya kipimo si mafunzo ya kumhudumia mwenye sonona kwa miezi 6.

Kisha kuna "Dkt." Kwetu herufi hizi hufungua milango, na anayeziona kwenye mlango wa mnasihi hudhani moja kwa moja kuwa ndani yupo mtu wa dawa. Miongozo ya maadili ya chama cha wanasihi cha Marekani, toleo la 2014, inamkataza mwenye uzamivu wa fani isiyohusiana na unasihi kujiita daktari katika kazi hiyo, na inamtaka atenganishe shahada aliyoisomea na ile ya heshima. Miongozo hiyo haina nguvu ya sheria Mombasa wala Mwanza, lakini hoja yake inatufaa. Mchungaji aliyetunukiwa udaktari wa heshima ana haki ya kuufurahia madhabahuni. Akiuandika kwenye wasifu wa unasihi bila maelezo, amemwachia msomaji adanganyike mwenyewe.

Na ile "miaka 15" tuihesabu. Bi. Fulani alianza kufundisha sekondari mwaka 2010, na kati ya majukumu yake kulikuwa na kuwashauri wanafunzi. Alipata stashahada ya unasihi mwaka 2017 kwa masomo ya wikendi, akaacha ualimu mwaka 2019, akamaliza shahada ya uzamili ya saikolojia ya unasihi mwaka 2021, na tangu hapo ndiyo kazi yake ya kila siku. Kufikia 2025 ana miaka 4 ya unasihi kamili, na kabla yake miaka 9 ya ualimu. Msomaji mwenye kijana anayetoroka shule ataona kwamba ile miaka 9 ndiyo inayomhusu zaidi. Ukihesabu yote kwa pamoja tangu 2010 ili upate 15, umempokonya habari hiyo.

Tunafika kwenye njia ya kazi. Hapa bango limenyamaza kabisa, na wasifu wa kawaida hauna nafuu. Huandika "natumia mbinu mseto za kisasa" na kuendelea. Msomaji hahitaji somo la historia ya saikolojia. Anataka kujua atakapoketi kwenye kile kiti kitatokea nini. Kama Bi. Fulani hufuata zaidi njia ya Carl Rogers, ambaye kitabu chake juu ya tiba inayomweka mteja katikati kilitoka mwaka 1951, aandike kwamba husikiliza sana, huuliza ili aelewe, na hamwambii mtu la kufanya. Asiposema hivyo atapata wateja wenye hasira, maana wengi wetu tumezoea kwamba ukimpelekea mtu mzima tatizo anakupa jibu: rudi kwa mumeo, samehe, hama. Kama hutumia tiba ya fikra na tabia, iliyojengwa na Aaron Beck kuanzia miaka ya 1960, aseme kwamba mteja atapewa kazi ya kufanya nyumbani, kwa mfano kuandika wiki nzima ni saa ngapi hofu ilimjia na alikuwa akiwaza nini wakati huo, na kwamba kwa kawaida vikao huwa kati ya 6 na 20. Kikao kimoja huchukua kama dakika 50. Ada iandikwe. Mtu akipiga hesabu ya vikao 10 na nauli kabla hajaanza, hatakatiza njiani kwa aibu.

Katika pwani yetu swali la dini nalo lijibiwe hapo hapo. Wapo wanaomtaka mnasihi atakayefungua kwa dua, na wapo wanaomtafuta mnasihi kwa sababu wamechoka kuambiwa wana jini. Sentensi moja inawatosha wote: "Siendeshi maombi wala kisomo katika kikao, ukiwa na imamu au mchungaji wako, endelea naye, na tukiona inafaa tutazungumza jinsi kazi zetu zisivyogongana." Mnasihi anayefanya kazi kwa msingi wa dini naye aseme wazi kuwa ndivyo alivyo.

Sasa tuje kwenye "yote yana tiba". Hapa ndipo mnasihi anapaswa kuandika asichokifanya, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya wasifu inayoonyesha kama mwandishi anaijua kazi yake. Chukua ulevi, ambao bango limeutaja kama shida ndogo kati ya nyingine. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, mwili wake umejipanga kuishi na pombe. Akiacha ghafla, baada ya saa chache mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio. Ndani ya siku 2 za mwanzo anaweza kuanguka kwa degedege. Kati ya siku ya 2 na ya 4 baadhi huanza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kutomtambua mke, na wengine hufa wasipotibiwa. Tiba yake ya siku hizo ni hospitali, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa polepole na vitamini B1. Mnasihi aliyeandika "natibu ulevi", kisha akampa mteja moyo wa kuacha leo leo, amempeleka kwenye hatari kwa nia njema. Kazi yake huanza baada ya hapo: kumsaidia aone ni kijiwe gani na saa gani humrudisha kwenye chupa, na namna ya kuwakatalia wenzake siku ya mshahara. Basi aandike: "Siachishi pombe wala dawa za kulevya. Ukiwa unakunywa kila siku, anza hospitali. Mimi nitakuwa nawe kabla na baada."

Sonona nayo ina mtego wake. Tezi ya shingoni inapozalisha homoni pungufu, mtu huchoka, huwa mzito wa mawazo, hunenepa, huhisi baridi wenzake wakitoka jasho, na hupoteza hamu ya kila kitu. Kwa nje ni sonona kamili. Upungufu wa damu kwa mama aliyejifungua karibuni unaweza kufanana nayo vilevile. Mazungumzo hayaongezi homoni wala damu. Kipimo cha maabara ndicho kitakachosema. Kwa sababu hiyo mnasihi mwenye busara huandika kwamba haandiki dawa, hatoi majina ya magonjwa, na kwamba anaweza kumwomba mteja akapimwe kwanza. Daktari wa magonjwa ya akili huandika dawa. Mwanasaikolojia wa kitabibu hupima na kutibu kwa mazungumzo. Mnasihi huzungumza na watu walio katika misukosuko ya maisha, na huwapa rufaa kwa hao wawili anapoona dalili zinazomzidi: mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hajalala siku kadhaa na anasema hachoki, au amekataa chakula.

Wanasihi wachanga huniambia orodha kama hiyo itawafukuza wateja. Sijaona hivyo. Mwenye mzigo hutulia anapoona mbele yake mtu anayejua mwisho wa kamba yake.

Mipaka mingine ni ya uhusiano. Mji mdogo hauna mtu usiyemjua, na mnasihi hawezi kumhudumia shemeji yake, mwanafunzi wake, mwenye nyumba wake, wala mwenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Aandike kwamba watu wa namna hiyo atawaelekeza kwa mwenzake, ili wakikataliwa wasidhani wamedharauliwa. Kwa wanandoa kuna jambo ambalo nadra kuliona limeandikwa, nalo huleta fujo kubwa. Mume akimpigia mnasihi simu faraghani akamwambia ana mwanamke mwingine, mnasihi afanye nini katika kikao cha watatu? Kuna wanaotunza siri ya kila mmoja, na kuna wanaokataa kupokea siri ambayo mwenza hataijua. Njia zote mbili zina watetezi wake. Lisilofaa ni wanandoa kugundua katikati ya safari ni ipi inayotumika.

Tena kuna wanaopiga simu kutoka mbali. Dada anayefanya kazi za ndani Riyadh au Maskati anaweza kumtafuta mnasihi wa nyumbani kwa sababu anataka kulia kwa Kiswahili. Huduma hiyo ina faida, lakini mnasihi aandike mipaka yake: akiwa Mombasa hawezi kumtumia mtu gari la wagonjwa ng'ambo, hajui kama simu ile ni ya mwajiri au kama kuna anayesikiliza, na leseni ya Kenya haimpi idhini ya kufanya kazi katika nchi nyingine. Katika kikao cha kwanza waulizane, kama mtandao ukikatika au hatari ikitokea, nani aliye karibu anaweza kupigiwa.

"Siri yako iko salama asilimia 100" inasikika kama ahadi nzuri kuliko zote, na hakuna mnasihi anayeweza kuitimiza. Mtoto akisimulia kwamba anadhulumiwa kimwili nyumbani, mnasihi hawezi kuketi na jambo hilo. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azifikishe kwa serikali ya mitaa. Mahakama inaweza kumwita mnasihi. Na mtu akisema ameshanunua sumu na ameshaamua siku, mnasihi atamhusisha mtu mwingine. Haya yaandikwe kabla, pamoja na nani ataambiwa. Mteja akisoma tu kwamba "nitavunja siri nikiona hatari", anachokiona ni polisi, na hofu hiyo haikuzuka hewani: Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume na katiba. Kwa hiyo andika: "Nikiona maisha yako yako hatarini, nitakwambia kwanza, kisha tutamwita mtu uliyenitajia au tutakwenda hospitali." Msomaji wa mstari huo anaweza kuthubutu kusema.

Vilevile mnasihi si huduma ya dharura. Simu yake huzimwa usiku, na wasifu useme hivyo na utaje pa kwenda: hospitali iliyo karibu, namba 116 kwa ajili ya watoto, inayopatikana Kenya na Tanzania, na kwa Kenya namba 1195 kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Zimebaki zile ndoa 300. Kwanza, ndoa iliyookolewa ni ipi? Mwanamke anayepigwa akisoma "ndoa zimeokolewa" anaelewa kwamba pale atarudishwa kwa anayempiga, na pengine ndiye aliyehitaji zaidi kubisha hodi. Kuna vikao vya wanandoa vinavyoishia kwa watu kuachana kwa heshima na kukubaliana kuhusu watoto, na mnasihi aliyeviendesha amefanya kazi yake.

Pili ni hesabu yenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, watu 40 wamekuja kwa mnasihi mwaka mmoja. Kati yao 15 hawakurudi baada ya kikao cha kwanza. Wengine 25 walifika mwisho, na 20 kati yao wakasema wana nafuu. Mnasihi anayewahesabu waliomaliza tu atatangaza asilimia 80. Ukiwaweka wote walioingia mlangoni, ni asilimia 50. Na hata wale 20, baadhi yao wangepata nafuu kwa kupita kwa muda, maana watu humtafuta mnasihi wanapokuwa katika hali mbaya kabisa, na hali mbaya kabisa mara nyingi hupungua yenyewe. Msiba unaoumiza leo hauumizi hivyo baada ya mwaka. Mnasihi mmoja na daftari lake hana njia ya kutenganisha kazi yake na kazi ya muda. Ndiyo maana hafai kuandika asilimia yoyote. Anaweza kuandika: "Wengine hupata nafuu, wengine kidogo, na wengine huona njia hii haiwafai. Baada ya kikao cha 4 tutatazama pamoja kama kuna kinachobadilika, na kama hakuna, nitakuelekeza kwa mwingine."

Ushuhuda wa yule mwalimu ndio unaonitisha kuliko bango lote. Aliyeuandika anajitetea kwamba hakutaja jina. Hebu tutazame alichotaja. Likoni: hapo ameshatupunguzia mji. Mwalimu wa shule ya msingi: sasa tuna shule za kuhesabika. Mama wa watoto 4: katika kila shule wamebaki wachache. Mume aliyekwenda Qatar na kurudi: chumba cha walimu kizima kimeshamjua, na wanafunzi wake nao. Kila kipande peke yake hakina madhara. Vikikutana vinafanya kazi ya kitambulisho. Kubadilisha watoto 4 wawe 3 hakusaidii, kwa sababu majirani huunganisha habari kwa kisa chenyewe, si kwa hesabu ya watoto. Tena siri hiyo si ya mke peke yake. Mume hakukaa kwenye kiti cha mnasihi, hakuombwa ruhusa, na mkasa wake umebandikwa ukutani.

"Lakini mwenyewe alikubali," huniambia. Kukubali kwake kuna kasoro. Mtu uliyemfungulia moyo wako akikuomba kitu, utamkataliaje? Wengine huogopa kwamba wakikataa mnasihi atawapoa, na wengine hukubali kwa furaha ya wiki ile, kisha mambo yakageuka na maneno yao bado yapo hadharani. Miongozo ile ya Marekani inawakataza wanasihi kuomba ushuhuda kwa wateja wao wa sasa na wa zamani. Mimi huenda hatua moja mbele na kuwashauri wasimamiwa wangu wasiuweke kabisa, hata ulioletwa bila kuombwa.

Siri huvuja pia kwa njia ambazo hazifanani na uvujaji. "Nimewahudumia wasanii na viongozi wa kaunti" ni majivuno yanayowafanya watu waanze kukisia. "Nina uzoefu na manesi wa kike waliofanyiwa ukatili kazini" katika mji wenye hospitali moja kubwa ni karibu sawa na kutaja wodi. Itoshe kuandika "watu waliofanyiwa ukatili". Picha ya chumba cha kusubiri isiwe na mtu, hata mgongo wake. Na mnasihi akitaka kusimulia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuachika, akumbuke kuwa mtalaka wake naye ana jamaa na jirani.

Baada ya kuchuja hivyo, Bi. Fulani angebaki na kitu kama hiki, ambacho kinaenea kwenye ukurasa mmoja:

"Mimi ni mnasihi niliyesajiliwa Kenya, namba yangu ya usajili iko chini ya ukurasa huu. Nina stashahada ya unasihi (2017) na shahada ya uzamili ya saikolojia ya unasihi (2021). Nilifanya mazoezi ya vitendo chini ya msimamizi, na hadi leo nina msimamizi ninayejadiliana naye kazi yangu bila kutaja majina. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa sekondari kwa miaka 9. Nimehudhuria mafunzo ya siku 5 kuhusu kiwewe. Mimi si mtaalamu wa kiwewe.

Nawapokea watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 13, wenye msiba, migogoro ya nyumbani, hofu au huzuni inayowazuia kuendelea na shughuli zao. Kwa walio chini ya miaka 18 nazungumza na mzazi au mlezi kabla ya kuanza. Nasikiliza, nauliza, na wakati mwingine nitakupa zoezi la kufanya nyumbani. Sitakuamulia. Kikao ni dakika 50. Baada ya kikao cha 4 tutapima kama inakufaa.

Siandiki dawa, sitoi majina ya magonjwa, siachishi pombe wala dawa za kulevya, na siandiki ripoti za mahakamani za malezi ya watoto. Siwapokei ndugu zangu wala ninaofanya nao biashara. Kwa wanandoa, sitapokea siri ambayo mwenza wako hapaswi kuijua. Ninayoyasikia hayatoki, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiniamuru. Ikinilazimu kusema, nitajitahidi kukwambia wewe kwanza. Siwezi kuahidi kwamba utapona. Simu yangu huzimwa saa 12 jioni. Ukiwa na dharura nenda hospitali iliyo karibu."

Chini yake kuna ada, namba ya usajili, na tarehe. Tarehe huonekana kama jambo la karani, lakini wasifu huchakaa haraka. Leseni hufika mwisho wa muda wake. Msimamizi huhama. Mnasihi aliyekuwa akipokea vijana huacha, kwa sababu amepata mtoto mchanga au amechoka, na mzazi anasafiri kutoka Kilifi na kijana wake kwa sababu ya karatasi ya miaka 3 iliyopita. Wasimamiwa wangu nawataka waupitie wasifu wao kila wanapohuisha leseni, na wafute kabla ya kuongeza. Msomaji naye akikuta wasifu usio na tarehe, apige simu aulize mambo mawili: leseni yako ni ya mwaka gani, na ukiona tatizo langu limekuzidi utanipeleka kwa nani? Mnasihi aliyejipanga atayajibu bila kusita, na la pili atalijibu kwa jina la hospitali au la mwenzake.